Jinsi ya kuhesabu vitu kwa Kichina: mwongozo wa maneno ya kuhesabia kwa anayeanza

Awe mwanafunzi wa Taasisi ya Confucius Nairobi au Dar es Salaam, awe mfanyabiashara wa Kariakoo anayejiandaa kwenda kuchukua mzigo Guangzhou, anayeanza Kichina huja na maswali yale yale. Najua kusema tatu, najua kusema kitabu, mbona nikisema *sān shū* wananitazama tu? Hiyo *ge* inayosikika kila mahali ni nini? Na je, lazima nikariri maneno mia ndipo niweze kununua suruali?

Jibu la swali la mwisho ni hapana. Maneno kama kumi na mbili yatakutosha kwa maisha ya kila siku, mradi uyajue vizuri na uyaweke mahali pake. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua, na mifano yake ni ya sokoni na nyumbani, kwa sababu huko ndiko utakakoanza kuyahitaji.

## Kabla hujaanza

Uwe na vitu vinne:

- Namba moja hadi kumi, pamoja na toni zake: yī, èr, sān, sì, wǔ, liù, qī, bā, jiǔ, shí. Kama bado zinakukwama, zimalize kwanza.
- Uwezo wa kusoma pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na kutambua alama za toni nne.
- Daftari. Simu inafaa kutafutia maneno, lakini kwa kazi hii kuandika kwa mkono kunasaidia zaidi.
- Orodha ya vitu kumi hadi kumi na tano unavyovihesabu kweli katika maisha yako. Fundi nguo aandike vitambaa, nyuzi, mashati. Mwanafunzi aandike vitabu, kalamu, viti, tiketi za basi. Usianze na orodha ya kitabu cha darasani yenye farasi na milima kama huna farasi wala mlima.

Nadharia unayoihitaji ni hii tu. Kwa Kiswahili tunasema watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu, nyumba tatu: namba yenyewe hubadilika kufuata ngeli ya nomino. Kwa Kichina namba haibadiliki, nomino haibadiliki, ila kati yake lazima kikae kineno cha tatu kinachoonyesha ni kitu cha namna gani kinachohesabiwa. Wachina wenyewe hukiita *liàngcí*. Hapa nitakiita neno la kuhesabia.

Tahadhari mapema: usiyachukulie maneno haya kama ngeli zetu. Ngeli humfuata nomino popote aendapo: kitabu changu kizuri kimepotea. Neno la kuhesabia hujitokeza unapohesabu au unapoonyesha tu. *Wǒ de shū*, kitabu changu, halina neno la kuhesabia hata moja, na ukilichomeka pale utakuwa umekosea.

## Hatua kwa hatua

### 1. Jiulize kama unahesabu au unaonyesha

Neno la kuhesabia huhitajika nomino inapotanguliwa na mojawapo ya haya: namba, *zhè* (hiki), *nà* (kile), *nǎ* (kipi), *jǐ* (vingapi), *měi* (kila). Kama hakuna hata moja, endelea bila neno la kuhesabia.

Mpangilio ni huu, na haupinduki:

```
zhè / nà  +  namba  +  neno la kuhesabia  +  nomino
```

*Sān běn shū* ni vitabu vitatu. *Zhè běn shū* ni kitabu hiki. *Zhè sān běn shū* ni vitabu hivi vitatu. Kwetu nomino hutangulia na mengine yakaifuata, kwao nomino huja mwisho kabisa. Anayeanza mara nyingi hujua maneno yote lakini huyapanga Kiswahili, akasema *shū sān běn*. Muuzaji anaweza kuelewa, na kwenye orodha za mizigo utaona mpangilio kama huo, lakini katika mazungumzo ya kawaida sema namba kwanza.

Na kitu kikiwa kimoja au mia, nomino inabaki vile vile. Usitafute wingi. Kuna kiambishi *men* kinachotumika kwa watu, kama *péngyoumen*, marafiki, lakini namba ikishatajwa, *men* huondoka: *sān ge péngyou*, marafiki watatu.

### 2. Iweke sawa namba, hasa mbili na moja

Mbili ina sura mbili. Ukitaja namba tupu au ukihesabu kwa kufuatisha, ni *èr*. Ikija peke yake mbele ya neno la kuhesabia, inakuwa *liǎng*: *liǎng běn shū*, vitabu viwili. Kumi na mbili na ishirini na mbili hazibadiliki: *shí'èr běn*, *èrshí'èr běn*. Na ukipanga kwa nafasi, cha kwanza, cha pili, unarudi kwenye *èr*: *dì èr běn shū* ni kitabu cha pili. Kwa hiyo *liǎng běn* ni viwili, *dì èr běn* ni cha pili, na huwezi kubadilishana.

Moja ndiyo inayobadilika toni. Mbele ya neno lenye toni ya nne (inayoshuka) husemwa kwa kupanda: *yí jiàn*, *yí kuài*, *yí liàng*. Mbele ya toni nyingine tatu husemwa kwa kushuka: *yì zhāng*, *yì tiáo*, *yì bǎ*. *Ge* hutamkwa kidogo tu bila toni, lakini asili yake ni toni ya nne, ndiyo maana ni *yí ge*. Hii usiikariri kama kanuni. Sema *yí jiàn* na *yì tiáo* kwa sauti mara nyingi mpaka mdomo uzoee, kisha kanuni utaigundua mwenyewe.

### 3. Chagua neno kwa kukitazama kitu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na ge (个). Hili ni la watu na la vitu vingi visivyo na neno lake maalumu: *sān ge rén*, watu watatu; *yí ge píngguǒ*, tufaha moja; *liǎng ge wèntí*, maswali mawili. Kwa mtu unayemheshimu, kama mwalimu au mteja, tumia wèi badala yake: *yí wèi lǎoshī*, mwalimu mmoja. Mhudumu wa mgahawa atakuuliza *jǐ wèi?*, mko wangapi? Yeye anakuheshimu kwa kusema *wèi*. Wewe ukijibu, jihesabu kwa *ge*: *sān ge*. Kujiita *wèi* mwenyewe ni kujipandisha.

Baada ya hapo, tazama umbo.

Zhāng (张) ni ya kitu chenye uso bapa uliotandazwa: karatasi, tiketi, picha, ramani. *Yì zhāng piào*, tiketi moja. Lakini pia meza na kitanda, *yì zhāng zhuōzi*, *yì zhāng chuáng*. Kwa nini meza, ambayo ina miguu minne? Kwa sababu Mchina anapoihesabu anauona ule uso wa juu unaowekewa sahani. Uso wa mtu nao ni *zhāng*. Ukishalishika hilo, la kitanda halitakusumbua.

Tiáo (条) ni ya kitu kirefu, mara nyingi kinachopinda. Maana yake ya kale ni kijiti cha mti. Samaki ni *tiáo*, nyoka ni *tiáo*, mto na barabara ni *tiáo*, taulo na tai ni *tiáo*. Suruali nayo: *yì tiáo kùzi*. Na sketi pia. Hata habari moja ya gazetini huhesabiwa kwa *tiáo*, kama mstari mmoja unaopita.

Bǎ (把) ni ya kitu unachokishika kwa mkono. Ukiitazama herufi yake, upande wa kushoto kuna alama ya mkono, na kama kitenzi ina maana ya kushika. Kisu ni *bǎ*, mwavuli ni *bǎ*, ufunguo ni *bǎ*, mkasi ni *bǎ*. Na kiti: *yì bǎ yǐzi*. Wanafunzi hushangaa meza na kiti kutengana, kimoja *zhāng* na kingine *bǎ*, wakati vimekaa pamoja chumba kimoja. Fikiria unavyokihamisha kiti: unakikamata kwenye egemeo lake kwa mkono mmoja na kukivuta. Meza huihamishi hivyo.

Běn (本) ni ya kitu kilichojalidiwa: kitabu, kamusi, gazeti la kurasa zilizobanwa, hata pasipoti. Gazeti la kila siku halijalidiwa, hivyo nakala moja ni *yí fèn bàozhǐ*. Ukichana ukurasa wake mmoja ufungie vitumbua, huo sasa ni *yì zhāng bàozhǐ*. Nomino ni ile ile, neno la kuhesabia ndilo limesema unalo gazeti zima au karatasi moja.

Jiàn (件) ni ya nguo za juu: shati, koti, sweta. *Yí jiàn chènshān*, shati moja. Pia ni ya mzigo na ya jambo. Neno hili lina mtego wake mkubwa, nitaurudia chini.

Zhī (只) ni ya wanyama wengi, paka, kuku, ndege, mbuzi, na pia ya kimoja kati ya viwili vinavyokwenda pamoja: mkono mmoja, jicho moja, kiatu kimoja. Kalamu huhesabiwa kwa *zhī* nyingine inayotamkwa sawa lakini huandikwa tofauti, 支. Kwa kusema, hutaona tofauti. Kwa kuandika, itakuhusu.

Yaliyobaki ya kuanzia ni mawili mepesi: liàng kwa magari na baiskeli, na tái kwa mashine kama televisheni, kompyuta na friji.

Onyo: usijifunze maneno haya kama orodha iliyo peke yake. Andika daftarini kitu pamoja na neno lake, kama jina na jina la baba: *yì tiáo kùzi*, *yí jiàn chènshān*, *yì bǎ yǔsǎn*. Umbo linasaidia kukumbuka, lakini halikuhakikishii kitu. Mbwa, watu wengi humhesabu kwa *zhī* kama paka, na wengi pia kwa *tiáo*. Ng'ombe ana *tóu*, yaani kichwa, na farasi ana *pǐ* yake peke yake. Ukikisia kwa umbo utapatia mara nyingi, na zile utakazokosea ndizo za kuandika daftarini.

### 4. Kama ni kitu cha kupima, weka chombo au kipimo

Maji, mchele, chai, sukari na kitambaa havihesabiki kimoja kimoja, na hapa Kiswahili kinafanya kama Kichina: tunasema vikombe viwili vya chai, magunia mawili ya mchele. Nafasi ni ile ile ya neno la kuhesabia, unaweka chombo tu, bila kiunganishi chochote mfano wa "vya" au "ya".

*Yì bēi chá* ni kikombe cha chai. *Yì hú chá* ni birika zima. *Yì bāo chá* ni pakiti ya majani. *Liǎng píng shuǐ* ni chupa mbili za maji. *Yì xiāng* ni katoni moja, *yí dài* ni mfuko mmoja, kama wa mchele. Viatu na soksi ni *shuāng*, jozi: *yì shuāng xié*.

Uzito uangalie kwa makini. Sokoni China matunda, mboga na nyama huuzwa kwa jīn, na *jīn* moja ni gramu 500, nusu kilo. Kilo ni *gōngjīn*. Muuzaji akisema *wǔ kuài yì jīn*, yuani tano kwa *jīn*, kilo nzima ni yuani kumi. Anayetaka kilo mbili za maembe aseme *sì jīn mángguǒ*. Ukisema *liǎng jīn* utapimiwa kilo moja, na mwenye duka hatakuwa amekupunja.

Kitambaa kina vipimo vyake. *Yí kuài bù* ni kipande cha kitambaa, *yì mǐ* ni mita moja, *yì mǎ* ni yadi moja, *yì juǎn* ni roli zima. Wanaonunua vitenge watasikia *mǎ* kuliko *mǐ*, na tofauti yake si ndogo: yadi ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo katika yadi mia unakosa karibu mita tisa za kitambaa ulizodhani umelipia.

### 5. Weka sifa, kisha nomino

Rangi, ukubwa na sifa nyingine hukaa baada ya neno la kuhesabia na kabla ya nomino: *sān jiàn bái chènshān*, mashati matatu meupe. Kosa la kawaida ni kusema *sān bái jiàn chènshān*, sifa ikamtangulia *jiàn*. Namba na neno la kuhesabia zimeshikana, usizitenganishe kwa rangi.

### 6. Uliza na ujibu kwa kifupi

Kuna njia mbili za kuuliza "ngapi". *Jǐ* ni ya idadi ndogo, unapotarajia jibu lisilozidi kumi hivi, na lazima lifuatwe na neno la kuhesabia: *jǐ běn shū?* *Duōshao* ni ya idadi yoyote, na neno la kuhesabia unaweza kuliacha. Bei huulizwa kwa *duōshao qián*.

Ukijibu, nomino unaweza kuiacha, neno la kuhesabia huachi. *Nǐ yào jǐ tiáo?* Unataka ngapi? *Sān tiáo.* Ukijibu *sān* tupu utasikika kama umekatika katikati. Wageni wengi huona nomino ndiyo muhimu wakaitaja, wakaacha kile kineno kidogo. Kwa Kichina ni kinyume: kineno ndicho kinachobaki, na kinatosha kumwambia muuzaji unazungumzia suruali au shati.

## Mfano: kununua nguo kwa jumla Guangzhou

Tuseme unataka suruali 12, mashati meupe 20, viatu jozi 6 na miavuli 2. Kabla ya kutoka hotelini, andika oda yako yote:

- *shí'èr tiáo kùzi*
- *èrshí jiàn bái chènshān*
- *liù shuāng xié*
- *liǎng bǎ yǔsǎn*

Angalia kwamba 12 imebaki na *èr* lakini miavuli miwili imechukua *liǎng*. Isome kwa sauti mpaka isikwame. Dukani mazungumzo yatakwenda hivi:

— *Lǎobǎn, zhè tiáo kùzi duōshao qián?* Bosi, suruali hii bei gani?
— *Sìshí kuài yì tiáo. Nǐ yào jǐ tiáo?* Yuani arobaini moja. Unataka ngapi?
— *Shí'èr tiáo. Liù tiáo hēi de, liù tiáo lán de.* Kumi na mbili. Sita nyeusi, sita za bluu.

Neno suruali limetajwa mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo *tiáo* imefanya kazi yote. Na *kuài* katika bei nayo ni neno la kuhesabia. Ni ile ile ya kipande, na nomino yake, *qián*, pesa, imeachwa. Kwa maandishi utaona *yuán*, mdomoni utasikia *kuài*.

Unageukia mashati: *Nà jiàn ne?* Na lile je? Hujasema "shati". Kama kwenye ukuta kuna shati na suruali vimening'inia pamoja, *nà jiàn* tayari imemwonyesha unauliza shati. Ukisema *nà tiáo* atashusha suruali.

Kisha viatu: *Yǒu sìshí mǎ de ma?* Namba arobaini ipo? Hapa *mǎ* ni saizi, si yadi. Neno ni moja, kwenye kitambaa ni urefu, kwenye viatu ni ukubwa, na mahali ulipo ndipo panapoamua. *Nǐ yào jǐ shuāng?* Jozi ngapi? *Liù shuāng.* Usiseme *liù zhī*. *Liù zhī xié* ni viatu sita kwa kuhesabu kimoja kimoja, yaani jozi tatu, na mkataba ukiandikwa hivyo huna pa kulalamikia.

Mwisho unapeleka mzigo kwa wakala wa usafirishaji, na kwenye risiti yake unaona 3件. Usishtuke ukadhani amehesabu mashati matatu. Huu ndio ule mtego wa *jiàn*. Duka la nguo likisema *jiàn* linamaanisha nguo moja, pisi moja. Wakala akisema *jiàn* anamaanisha furushi moja lililofungwa, katoni au mfuko, bila kujali kuna nini ndani. Kwa kuwa neno moja linasema pisi na furushi, kwenye oda ya jumla uliza mapema: *Yì xiāng yǒu duōshao jiàn?* Katoni moja ina pisi ngapi? Jibu liandike mbele ya muuzaji.

## Makosa yanayojirudia

Mwezi. *Sān yuè* ni Machi, mwezi wa tatu. *Sān ge yuè* ni miezi mitatu. *Ge* ikidondoka, ahadi ya kulipa baada ya miezi mitatu inageuka ahadi ya kulipa mwezi wa tatu. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ningependa ulifanyie mazoezi zaidi. Wiki nayo inataka *ge*: *liǎng ge xīngqī*, wiki mbili.

Siku na mwaka. Hizi hazitaki neno la kuhesabia kabisa, zenyewe ni vipimo: *sān tiān*, siku tatu, *liǎng nián*, miaka miwili. Aliyekwisha kuzoea *ge* huichomeka na hapa, *sān ge tiān*, na hilo ni kosa.

Nusu. Nusu ya kitu hutangulia: *bàn jīn*, nusu *jīn*, gramu 250. Moja na nusu, nusu huja baada ya kipimo: *yì jīn bàn*, gramu 750. Kwa saa, *bàn ge xiǎoshí* ni nusu saa, *yí ge bàn xiǎoshí* ni saa moja na nusu.

Pochi na pakiti. *Yí ge bāo* ni begi au pochi moja. *Yì bāo* ni pakiti ya kitu fulani, na msikilizaji atasubiri uitaje. *Bāo* ya kwanza ni nomino, ya pili ni neno la kuhesabia.

## Ukikwama

Umesahau neno la kuhesabia. Tumia *ge*. Wachina wenyewe huitumia kwa vitu vingi katika mazungumzo ya haraka, na *yí ge chènshān* itaeleweka. Lakini *ge* haisaidii pale neno linapobeba kiasi: viatu kwa jozi au kimoja kimoja, chai kwa kikombe au kwa pakiti, kitambaa kwa yadi au kwa roli. Hapo onyesha kwa mkono, au sema chombo.

Hujui neno la kitu kipya. Tafuta nomino kwenye kamusi ya simu. Kamusi za bure zinazotumia hazina ya CC-CEDICT huweka maneno ya kuhesabia mwishoni, baada ya herufi CL. Kwa kitabu utaona hivi:

```
书 [shu1] CL:本[ben3],册[ce4],部[bu4]
```

Namba iliyofuata herufi ni toni. Yakiwa matatu kama hapa, anza na la kwanza. Mengine utayakuta ukisoma.

Unasikia neno la kuhesabia bila namba. Mtu anasema *gěi wǒ bēi shuǐ*, nipe maji kikombe. Namba haikukupita, haikusemwa. *Yī* ikija baada ya kitenzi mara nyingi huachwa. Popote penye neno la kuhesabia bila namba baada ya kitenzi, elewa ni kimoja.

Umesema sawa na bado hawakuelewi. Mara nyingi tatizo ni toni. *Mǎi* ni kununua, *mài* ni kuuza, na tofauti yao ni toni tu. Andika namba na herufi ya neno la kuhesabia kwenye simu, 2条 au 6双, mwonyeshe, kisha umwombe alitamke, na wewe ulirudie baada yake papo hapo.

Muuzaji anatumia neno tofauti na ulilojifunza. Simu ya mkononi utasikia *bù*, utasikia *tái*, utasikia *ge*. Kote ni sahihi. Mchukulie yeye: kama amesema *tái*, mjibu kwa *tái*, hadi mtakapomalizana bei.